Mitiki, Miti na Mizinga ya Nyuki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kabla ya Kusaini Mkataba wa Miaka 20

Ukurasa huu ni kwa mtu ambaye ameshapewa kipeperushi chenye picha ya shamba la miti iliyonyooka, ameambiwa alipe sasa avune baadaye, na moyo wake umegawanyika. Mfano mkubwa humu ni mtiki, kwa sababu ndio unaouzwa sana kwa ahadi ndefu. Anayeuziwa misonobari, mikaratusi au misandali anaweza kuuliza maswali hayohayo, akibadilisha tu miaka. Nyuki wana sehemu yao huko chini, maana ahadi zao huvunjika kwa namna nyingine.

Je, mitiki inalipa kweli, au yote ni utapeli?

Mtiki ni mti wa biashara halali kabisa. Asili yake ni India, Myanmar, Thailand na Laos, na leo unapandwa karibu kote kwenye ukanda wa joto. Mbao zake hazisumbuliwi sana na maji wala mchwa, ndiyo maana zinatafutwa kwa boti, milango na samani za nje. Kuna watu na kampuni zinazoishi kwa mitiki.

Ugumu uko hapohapo. Kwa kuwa mti ni wa kweli na soko ni la kweli, ahadi ya uongo huvaa nguo za ukweli bila shida. Tena muda ni mrefu mno: aliyekuuzia leo ataonekana alisema kweli au la baada ya miaka 20, wakati kamisheni yake aliila mwezi uleule uliolipa. Kwa hiyo usipoteze muda kubishana kama mtiki una thamani. Bishana juu ya ardhi, hesabu ya ujazo na maneno ya mkataba.

Nikilipa, ninakuwa nimenunua nini hasa?

Hili ndilo swali la kwanza, na wauzaji wengi hawalijibu kwa sentensi moja. Kuna uwezekano wa aina tatu. Huenda umenunua ardhi, na miti iliyo juu yake ni yako pia. Huenda umenunua miti tu, ikiwa imesimama kwenye ardhi ya mtu mwingine. Au huenda hujanunua ardhi wala miti, bali ahadi ya kampuni kwamba ikiuza magogo itakupa sehemu fulani ya mapato.

Aina ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo huuzwa kwa maneno ya aina ya kwanza. Kipeperushi kinasema "miliki ekari yako", halafu mkataba unasema "mteja atakuwa na haki ya kupokea mgawo wa mapato halisi yatokanayo na mradi". Soma tena maneno hayo. Hakuna ekari humo. Kampuni ikifilisika, mwenye ardhi anaondoka na ardhi yake, benki inaondoka na kilichowekwa rehani, na wewe unapanga foleni na wadai wengine wasio na dhamana.

Kama umeambiwa miti ni yako, uliza itatambulikaje. "Miti 450 ndani ya shamba la hekta 300" haitoshi. Moto ukiunguza robo ya shamba, iliyoungua ni ya nani? Mkataba mzuri una namba ya kitalu, ramani iliyoambatanishwa na mipaka yake, au unasema wazi kwamba wateja wote wanagawana hasara na faida ya shamba zima kwa uwiano.

Kipeperushi kinasema kila mti utatoa mita moja ya ujazo mwaka wa 20. Hesabu hiyo iko sawa?

Hebu tuifanye pamoja, kwa ekari moja, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa bila kujua.

Mitiki ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja inabeba miche kama 450. Muuzaji anazidisha: miti 450 mara mita moja ya ujazo, sawa na mita za ujazo 450. Kisha anazidisha kwa bei ya magogo ya daraja la juu, na tarakimu inayotoka inatosha kumfanya mtu akope.

Sasa tuanzie upande wa pili, kwenye udongo. Shamba zuri la mitiki, kwenye udongo wenye kina usiotuamisha maji, na linalotunzwa vizuri, huongeza takribani mita za ujazo 8 hadi 12 kwa hekta kwa mwaka. Shamba la hali ya chini linaweza kuishia 3 au 4. Tumpe muuzaji heshima yake, tuchukue 10. Kwa miaka 20 hiyo ni mita za ujazo 200 kwa hekta, yaani kama 80 kwa ekari. Kutoka 450 tumeshuka hadi 80, na bado hatujakata gogo hata moja.

Katika hizo 80, sehemu itakuwa imeondolewa njiani wakati wa kupunguza miti. Tuseme 30. Zinabaki 50 zilizosimama mwaka wa 20. Mti mzima hauwi gogo la kuuza: kuna kisiki, kilele chembamba, vipande vilivyopinda na vyenye vifundo. Tukichukua kwamba asilimia 65 ndiyo inayofaa, tunabaki na mita za ujazo 32 hivi.

Kwa hiyo ahadi ilikuwa 450, na kinachopakiwa kwenye lori ni 32, katika shamba ambalo mambo yameenda vizuri. Tarakimu zangu za 30 na asilimia 65 unaweza kuzibishia, na shamba lako linaweza kuwa bora kidogo au baya zaidi. Lakini hakuna namna ya kuzisogeza hadi ufike 450. Ahadi ile ilihitaji shamba liongeze zaidi ya mita 55 za ujazo kwa hekta kila mwaka, kwa miaka 20 mfululizo.

Mwombe muuzaji akuandikie kwenye karatasi tarakimu moja tu: anategemea mita ngapi za ujazo kwa hekta kwa mwaka. Akikujibu kwa idadi ya miti, hajakujibu.

Kwa nini miti ipunguzwe? Nililipia miti 450, nataka 450.

Usiombe hivyo. Mitiki iliyoachwa imebanana inarefuka bila kunenepa, na gogo jembamba la mtiki lina bei ya kuni ukililinganisha na gogo nene. Thamani iko kwenye kiini, ile sehemu ya kahawia ya katikati. Mti mchanga na mwembamba una sehemu kubwa ya mbao nyeupe ya nje, ambayo haina ule uimara mtiki unaosifiwa nao. Ndiyo maana mashamba hupunguzwa mara mbili tatu, ya kwanza mara nyingi kati ya mwaka wa 4 na wa 6, hadi mwishoni ekari inabaki na miti 80 au 100 hivi.

Muuzaji anayejua kazi atakwambia hayo mwenyewe. Anayekuahidi kwamba miti yote 450 itafika mwaka wa 20 hajui mitiki, au anajua na anakutegemea wewe usijue.

Swali la kuuliza ni hela ya miti inayopunguzwa inakwenda wapi. Ya mara ya kwanza huwa nguzo na fito, faida yake ndogo au hakuna kabisa. Ya mara ya pili, karibu na mwaka wa 10 au 12, inaweza kuwa na fedha ya maana. Mikataba mingi inakaa kimya hapo, na ukimya humfaa aliyeandika mkataba.

Nani atapima magogo siku ya kuvuna?

Watu hulipita swali hili, nalo lina hela nyingi ndani yake. Biashara ya mitiki duniani bado hutumia sana kipimo cha Hoppus: unachukua mzingo wa gogo katikati, unaugawa kwa 4, unazidisha kwa wenyewe, kisha mara urefu. Kipimo hicho hutoa asilimia 78.5 tu ya ujazo halisi wa gogo. Si wizi, ni desturi ya soko ya kufidia kinachopotea wakati wa kupasua. Wizi unaingia pale ahadi inapotolewa kwa ujazo halisi na malipo yanapofanywa kwa Hoppus, ilhali bei iliyotajwa ni ileile. Mita zetu 32 za ekari moja zinageuka 25 bila mti kuanguka.

Mkataba useme kipimo kipi kinatumika, mzingo unapimwa na gome au bila gome, na nani anashuhudia. Uangalie pia kama mnunuzi ni kampuni dada ya huyohuyo aliyekuuzia. Kama ndivyo, bei itatoka wapi? Inatakiwa iwe ya mnada, au ya zabuni zisizopungua tatu, si "bei itakayoamuliwa na kampuni".

Wanasema nitapata mara kumi, faida ya asilimia 45 kwa mwaka. Benki hainipi hata robo ya hiyo.

Wamechukua faida ya mara tisa, wakaiita asilimia 900, wakaigawa kwa miaka 20. Hesabu ya aina hiyo haifanywi na mtu anayekutakia mema. Fedha inayogeuka mara kumi ndani ya miaka 20 inakua kwa asilimia 12.2 kwa mwaka, faida juu ya faida. Si mbaya, lakini si 45.

Halafu bei za vitu nazo zinapanda. Zikipanda kwa wastani wa asilimia 7 kwa mwaka, kitu cha 1 leo kitakuwa karibu 3.9 baada ya miaka 20. Mara kumi yako kwa nguvu ya kununua inakuwa mara 2.6 hivi, sawa na ukuaji chini kidogo ya asilimia 5 kwa mwaka. Hiyo ni kama kila walichosema kimetimia: ujazo ule, bei ile, mwaka uleule, na kampuni ileile ikiwa bado ipo. Sasa rudisha zile mita 32 badala ya 450 uone kinachobaki.

Kuhusu ardhi, nianzie wapi?

Anzia ofisi ya ardhi, kwa mkono wako au wa wakili wako, siyo kwa nakala ya hati uliyotumiwa kwenye simu. Fanya upekuzi rasmi wa kumbukumbu za kiwanja hicho: jina la mmiliki, aina ya umiliki, muda uliobaki, rehani, zuio la mahakama. Jina la kwenye kumbukumbu likiwa tofauti na jina la kampuni inayokuuzia, pawe na mkataba wa ukodishaji kati yao, nao uwe umesajiliwa. Kama ardhi ni ya kijiji, ya ukoo au ya jamii, omba kuona muhtasari wa kikao kilichoidhinisha, wenye sahihi, kisha zungumza na watu wa hapo bila mwenyeji kutoka kampuni. Shamba ambalo wenyeji wanaona limeporwa halina bima dhidi ya kiberiti.

Halafu hesabu miaka, maana kosa la miaka hata mawakili hulipita. Tuseme kampuni ilikodi ardhi kwa miaka 25. Mwaka wa kwanza na wa pili ilikuwa inasafisha na kutangaza. Wewe umesaini mwaka wa 3, miche imepandwa msimu wa mvua wa mwaka wa 4. Miti yako inatimiza miaka 20 katika mwaka wa 24 wa ukodishaji. Una mwaka mmoja wa akiba. Sasa udongo ukiwa wa wastani, magogo bado membamba, mtaalamu akishauri kusubiri miaka mitano zaidi, hamna pa kusubiria. Mtavuna mitiki michanga kwa bei mbaya, au mtaiacha. Na katika sheria za nchi nyingi, kilichoota ardhini ni cha mwenye ardhi isipokuwa mmekubaliana vingine kwa maandishi.

Kwa hiyo ukodishaji wa ardhi uzidi umri wa kuvuna kwa miaka kadhaa, uwe na haki ya kuongezwa, na mkataba wako useme mwenye ardhi anatambua kwamba miti si yake. Sahihi ya mwenye ardhi kwenye kifungu hicho ina thamani kuliko vipeperushi vyote.

Siwezi kusafiri hadi shambani. Kuna namna ya kuangalia nikiwa mbali?

Ipo, na ni bure. Omba majiranukta ya kila kona ya kitalu, siyo nukta moja ya katikati. Yaingize kwenye Google Earth, chora umbo, usome ukubwa wake. Ekari ulizolipia zinapaswa kutokea hapo. Kisha rudisha picha za miaka ya nyuma. Utaona kama palikuwa msitu, shamba la mtu, au mbuga inayojaa maji kila masika. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana, maana mtiki hauvumilii maji yaliyotuama kwenye mizizi. Picha moja ya masika inaweza kukuepusha na miaka 20 ya kusubiri.

Kwa picha mpya tumia Copernicus Browser, yenye picha za setilaiti za Sentinel-2 kila baada ya siku chache. Kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10, kwa hiyo ekari yako ni nukta kama 40. Huwezi kuona miche ya mwaka wa kwanza, usijidanganye, lakini utaona kama ardhi ililimwa wakati ulipoambiwa imelimwa, na utaona alama nyeusi ya moto. Kumbuka mtiki hupukutisha majani kiangazi. Shamba la kahawia mwezi wa ukame si lazima liwe limekufa. Linganisha na picha ya mwezi huohuo mwaka uliotangulia.

Nikipewa nukta moja tu badala ya kona, mimi husimama hapo, siendelei na mazungumzo. Kampuni iliyopima shamba lake inazo kona.

Nimeshalipia matunzo ya miaka 20 mara moja. Si ni jambo zuri?

Inategemea fedha ile iko wapi. Shamba la mitiki linakula hela nyingi miaka mitano ya mwanzo: kupalilia, kujazia miche iliyokufa, kupogolea, barabara za kuzuia moto. Baadaye gharama inapungua, lakini mlinzi na barabara za moto zinahitajika hadi siku ya mwisho. Kama ada yako ya matunzo imeingia kwenye akaunti ya kawaida ya kampuni, itatumika kulipa matangazo na mishahara ya mwaka huu, na palizi ya mwaka wa 9 italipwa na mteja mpya wa mwaka wa 9. Siku wateja wapya wakikoma, majani yanapanda.

Haya si ya kufikirika. Nchini Australia kampuni mbili kubwa zilizouza miradi ya miti na mashamba kwa umma, Timbercorp na Great Southern, zilianguka zote mwaka 2009. Zilikuwa na ofisi, wakaguzi na hisa sokoni. Zilitegemea mauzo mapya, na mauzo yalipokauka zikakosa fedha ya kuendesha. Great Southern ilikuwa imejazia mavuno hafifu ya miradi yake ya mwanzo kwa fedha yake yenyewe, kwa hiyo waliofuata waliona matokeo mazuri ambayo udongo haukuyatoa. Wateja wengi walikuwa wamekopa ili kuwekeza. Miradi ilikufa, mikopo ikabaki hai.

Fedha ya matunzo inatakiwa ikae kwenye akaunti ya mdhamini aliye nje ya kampuni, itolewe mwaka kwa mwaka baada ya mtaalamu wa misitu kuthibitisha kazi. Mkataba useme pia nini kinatokea kampuni ikifa: nani anaweza kuteuliwa kulitunza shamba, na kwa fedha ipi.

Kampuni imesajiliwa na inalipa kodi. Haitoshi?

Haitoshi. Kusajili kampuni ni kuandikisha jina. Kukusanya fedha za umma kwa ahadi ya faida itakayotokana na kazi ya mtu mwingine ni shughuli nyingine, ambayo nchi nyingi huiweka chini ya mamlaka ya masoko ya mitaji. India ilijifunza kwa machungu: miaka ya 1990 kampuni nyingi ziliuza vitalu vya mitiki kwa wananchi, nyingi zikaporomoka, na mwaka 1999 msimamizi wa masoko akatoa kanuni za mipango ya uwekezaji wa pamoja. Uingereza, mwaka 2022, wakurugenzi wawili walifungwa miaka 11 kila mmoja kwa mpango uliouzia watu mashamba ya mitiki ya Brazili.

Piga simu kwa mamlaka ya nchi yako, taja jina kamili la kampuni, uliza kama ina kibali cha kuuza bidhaa hii. Usitumie namba ya simu iliyo kwenye kipeperushi.

Wanasema naweza kuuza mkataba wangu wakati wowote.

Muulize nani atanunua. Kama jibu ni "sisi wenyewe tutanunua", tafuta kifungu, bei na muda wa kulipa. Mara nyingi utakuta "kampuni inaweza, kwa hiari yake". Neno *inaweza* halimlazimishi mtu. Uliza pia ukifariki mwaka wa 11: mrithi anajulishwa na nani, anatakiwa alete nini, na kuna ada ya kuhamisha jina? Waeleze wa nyumbani kwako karatasi ziko wapi.

Mizinga ya nyuki haina kusubiri miaka 20. Si salama zaidi?

Muda mfupi unasaidia kitu kimoja: uongo unaonekana mapema. Lakini pia unawezesha ule mchezo wa kuwalipa wa mwanzo kwa fedha za waliofuata.

Ukilipia mzinga, unalipia sanduku. Nyuki hawajawahi kusaini mkataba. Kundi linatakiwa liingie au lihamishiwe, lijenge masega, lilee majana, yaani nyuki wachanga, kisha lijaze asali ya ziada juu ya ile linayoihitaji lenyewe. Hilo linafuata maua, si kalenda ya malipo. Nyuki wa Afrika, hasa, huhama mzinga wakisumbuliwa au chakula kikiisha, kwa hiyo mizinga mitupu ni jambo la kawaida hata kwa mfugaji hodari. Mkataba unaolipa kiasi kilekile kila mwezi kuanzia mwezi wa tatu unalipa kwa asali ipi? Kama huwezi kuonyeshwa msimu wa maua unaolingana na tarehe ya malipo, hela hiyo inatoka kwa mtu, si kwa nyuki.

Angalia pia idadi. Nyuki hutafuta chakula zaidi ndani ya kilomita 3 hivi kutoka kwenye mzinga, na wafugaji wa biashara kwa kawaida huweka mizinga 20 hadi 50 mahali pamoja, kisha wanakwenda mbali kidogo kuweka mingine. Kampuni iliyouza mizinga 5,000 inahitaji vituo 100 au zaidi, na kila kimoja kiwe na ruhusa ya mwenye ardhi. Omba orodha ya vituo. Ukipelekwa kwenye eneo moja lenye mizinga mia tano iliyopangwa kama viti vya mkutano, umepelekwa kwenye picha ya kipeperushi.

Ukifika, kaa pembeni mwa mzinga asubuhi yenye jua, ukiwa na mtu anayejua nyuki na umevaa mavazi ya kinga. Mzinga wenye kundi zima una msongamano mlangoni, na baadhi ya nyuki wanaingia na vitonge vya chavua vya njano au rangi ya chungwa miguuni. Chavua hulisha majana, kwa hiyo ni dalili nzuri kwamba ndani kuna malkia anayetaga. Nyuki wawili watatu wanaozunguka bila mzigo si kundi. Hesabu mizinga 20 utakayochagua wewe, uandike mingapi ina kundi. Halafu uliza mkataba unasemaje kuhusu mzinga mtupu: nani anagharamia kundi jipya, na ni mzinga wenye namba ipi ulio wako.

Aliyenileta ni shemeji yangu. Nikianza kuuliza haya si nitaonekana simwamini?

Muulize yeye swali moja kwanza, kwa upole: analipwa nini nikisaini? Kama analipwa kwa kila mtu anayemleta, mradi unatafuta watu kuliko unavyotafuta udongo. Shemeji mwenyewe huenda ni mkweli kabisa na fedha yake imo humo. Mwombe mwende pamoja kwa wakili. Maswali akiyauliza wakili, hakuna aliyemkosea mwenzake.

Nimeshalipa, na sasa nina wasiwasi. Nifanye nini?

Kusanya kwanza: mkataba, risiti, ujumbe wa simu, vipeperushi, hata picha za ukurasa wao wa mtandaoni kabla hazijabadilishwa. Kisha andika barua, siyo kupiga simu, ukiomba vitu vinne: kona za kitalu chako, nakala ya ukodishaji uliosajiliwa, taarifa ya mwisho ya kuhesabu miti au makundi ya nyuki, na salio la akaunti ya matunzo. Wape wiki mbili.

Wakijibu kwa karatasi, mpelekee wakili na mtaalamu wa misitu wazipitie. Wakijibu kwa kukupa ofa ya "kuongeza" uwekezaji ili kufungua malipo, usitoe hata senti. Peleka malalamiko kwa mamlaka ya masoko ya mitaji na polisi, na tafuta wateja wenzako, maana upekuzi mmoja wa ardhi na wakili mmoja vinaweza kuwahudumia watu hamsini. Na akitokea mtu anayekupigia simu akidai anaweza kukurudishia fedha yako ukimtangulizia ada, fahamu kwamba orodha ya majina yenu imeshauzwa.